Kwa nini historia ya mzee inaanzia mwaka 2006

Ndugu wanamemba, na ninyi wafadhili mnaosoma barua hii kutoka mbali,

Katika kurasa hizi mtakuta muhtasari wa maisha ya mzee mmoja wa chama chetu. Ni mtu wa pwani ya ziwa Tanganyika, teritware ya Fizi, aliyekimbilia Tanzania mwishoni mwa 1996 na kurudi 2006. Jina lake na la kijiji chake hatuyaandiki, yeye mwenyewe aliomba hivyo. Watu waliousoma muhtasari huu mbele ya kuchapwa walituuliza karibu wote neno moja. Kwa nini unaanzia 2006, mzee akiwa tayari na mvi, halafu unarudi kwa baba yake, kisha unaruka tena? Mmoja alishauri tuupange vizuri: kuzaliwa, shule, ndoa, vita, kambi, kurudi.

Hatukufanya hivyo, na sababu yake ni kubwa kuliko kupenda au kutopenda. Ndani ya historia hii kuna shamba la ngazi, yaani michikichi, na kuna familia mbili zinazolitegemea. Familia zote mbili ziko ndani ya chama chetu. Neno moja likihama kutoka fasi yake, mzee anaonekana kusema jambo ambalo hakulisema. Basi tunaeleza hapa namna tulivyofupisha, hatua kwa hatua, ili kila mtu aone kipi ni cha mzee na kipi ni chetu.

Kutoka sauti mpaka kaye

Mzee alizungumza alasiri mbili, jumla saa moja na dakika 50. Vijana wawili walikaa naye, mmoja wa kuuliza, mwingine wa kuangalia telefone iliyonasa sauti na kuandika kwenye kaye mambo ambayo sauti haionyeshi: hapa amenyoosha mkono upande wa mlima, hapa amefuta macho.

Kazi ya kwanza haikuwa kufupisha. Ilikuwa kuandika yote, neno kwa neno, pamoja na maswali yetu, pamoja na Kiswahili chake kama kilivyo. Akisema «batu» hatuandiki «watu». Akisema «njo» hatuandiki «ndiyo». Pembeni, upande wa kushoto, tuliandika dakika. Yeyote anayeanza kazi hii ajue kwamba saa moja ya mazungumzo inakula saa tano au sita za kuandika, na hata zaidi kama kulikuwa na upepo au kuku karibu na telefone. Kuna watu wanaoruka hatua hii: wanasikiliza mara moja na kuandika walichokumbuka. Wanachokumbuka ni habari. Maneno yanapotea, na kama mtakavyoona, katika historia hii maneno ndiyo yenye mzigo.

Hatua ya pili ni kukata mazungumzo katika vipande. Hapa hatukukata kwa mwaka wala kwa kichwa cha habari chetu. Tulikata pale mzee mwenyewe alipogeuka. Wazee wetu wana maneno yao ya kugeuka: «basi», «tuache hiyo», «sasa sikia», «nilisahau kukwambia». Ukiyazungushia mstari kwa biki ndani ya kaye yote, utaona mazungumzo yamejigawa yenyewe. Haya yaligawanyika katika vipande tisa.

Hatua ya tatu: kila kipande kinapata kichwa kinachotoka mdomoni mwa mzee, sentensi zake chache zisizoguswa, na maelezo yetu mafupi ya kuunganisha. Maneno yake yako ndani ya alama hizi « ». Miaka na maelezo ya pembeni tuliyoongeza sisi yako ndani ya mabano haya [ ]. Kipande kilichochukua dakika nyingi kinapata mistari mingi, kilichochukua dakika chache kinabaki kifupi. Maswali yetu tuliyatoa, isipokuwa pale swali letu ndilo lililomfanya aseme. Hapo tumeandika [aliulizwa].

Huu ndio muhtasari wenyewe.

1. «Muzee, unatafuta nani hapa?» [dakika 0–16, 2006]
Anashuka kwenye meli Baraka, analala siku mbili, kisha anatembea mpaka kijijini. «Nilifika ku shamba yangu. Mutoto mumoja akatoka mu nyumba, akaniuliza: Muzee, unatafuta nani hapa? Mimi nikamwambia: Natafuta ngazi zangu. Akacheka. Yeye hakujua, si kosa yake.» Anahesabu miti iliyobaki, anaitambua mmoja mmoja. Mmoja umepinda kuelekea ziwa, alipanda juu yake akiwa mtoto.

2. «Baba alipima kwa miguu yake» [dakika 16–30, mbele ya ziwa kupanda]
Baba yake alipanda ngazi kwa mistari, hatua tisa kati ya mti na mti. «Mimi nilikuwa nabeba maji. Baba alisema: hii siyo ya mimi kula, ni ya wewe kula.» Anaeleza kukamua mawese: kupika, kutwanga kwa miguu ndani ya mtumbwi mzee, kuenua mafuta.

3. «Ziwa ilikula njia» [dakika 30–42, 1962–1964]
Maji yanapanda, nyumba za ufukweni zinaanguka, watu wanahamia juu. «Mistari miwili ya ngazi ilikufa ndani ya maji. Ile ya juu ilibaki. Njo hii unaona.»

4. «Mulele ilitukuta darasani» [dakika 42–58, 1964 na kuendelea]
Shule inafungwa. Familia inapanda milimani. «Wakubwa walisema tutarudi kisha wiki moja. Nilirudi niko na ndevu.» Baba anafia huko. [Ananyamaza.]

5. «Walitukataza majina ya ubatizo» [dakika 58–64, 1972]
Anashuka pwani, anapata kitambulisho chenye jina jipya, anaoa, anaanza kuvua ndagala usiku kwa taa. «Mulele ilikuwa ingali kule juu, lakini mimi nilichoka.»

6. «Nilimwachia ngazi alinde» [dakika 64–80; 1996]
Vita inafika. Jirani yake, rafiki wa tangu milimani, anakataa kuvuka ziwa. «Usiku ile nilimwambia: Mimi naenda. Nakuachia ngazi ulinde. Ukamue, ukule, usikatishe hata mumoja. Nikirudi tutaongea. Akanipa dumu ya mawese ya safari.» Mtumbwi, watu wengi, mpaka Kigoma.

7. «Tuendelee» [dakika 80–85, 1997–2006]
[Aliulizwa habari za kambi ya Lugufu.] «Kule tulikuwa tunahesabu siku za posho. Nilizika mutoto kule. Tuendelee.»

8. «Yeye pia ni yatima» [dakika 85–97; 2006]
Anarudi kwenye habari ya siku ya kwanza. Rafiki yake amekufa wakati wa vita. Mtoto wa rafiki amejenga katikati ya shamba. «Akaniambia: Baba alisema hizi ngazi ulimupa. Mimi nikasema: Hapana, nilimwachia. Tukakaa kimya. Yeye pia ni yatima, ningefanya nini?»

9. «Nilisahau kukwambia» [dakika 97–110, 1965, kisha leo]
«Nilisahau kukwambia. Siku ile wazungu walikuja na mashua, sisi tulikimbia, mama alikuwa mugonjwa wa miguu. Baba ya huyu rafiki yangu njo alimubeba ku mugongo, mpaka juu. Siku mbili. Baba yangu hakuwa pale. Njo sababu ile mavuno, mimi nakubali nusu. Nusu ni ya ile mugongo.»

Kama tungepanga kwa miaka

Sasa chukueni muhtasari huu na kuupanga jinsi yule ndugu alivyoshauri. Kipande cha 2 kinakuja kwanza, kisha cha 3, kisha cha 4. Halafu kile cha 9, siku mama alipobebwa, kinaingia mwaka 1965, katikati ya habari za milimani. Pale kinakuwa kisa kimoja kati ya visa vingi vya kukimbia: mama mgonjwa, jirani mwema, safari ya siku mbili. Msomaji anakipita. Kisha anasoma ndoa, uvuvi, vita ya 1996, kambi, kurudi, na mwishoni anakuta kwamba mzee anakubali kupokea nusu ya mavuno ya shamba la baba yake. Atasema mzee ameonewa, au ameogopa, au amechoka. Sababu aliyoitoa mwenyewe imebaki nyuma, miaka 41 kabla.

Katika mpango wa mzee, mgongo ule na nusu ile vinakaa sentensi mbili tu kutoka kimoja hadi kingine. Yeye hakusahau kitu. Maneno «nilisahau kukwambia» mara nyingi hayana maana ya kusahau. Ni mlango ambao mtu anaufungua akiwa tayari. Alihitaji kwanza kusema ugomvi, ndipo aweze kusema deni. Kwa hiyo tunashauri wale wanaonasa sauti wasizime telefone pale mzungumzaji anapoonekana amemaliza. Katika mazungumzo haya, dakika 13 za mwisho ndizo zinafungua zote 97 zilizotangulia.

Na mwanzo pia una kazi. Mzee aliambiwa tu: «Tuelezee maisha yako.» Angeweza kuanza na kuzaliwa. Alianza na mtoto aliyemuuliza anatafuta nani kwenye shamba lake. Hilo ndilo swali ambalo historia yote inalijibu: mimi ni nani hapa. Baba kupima kwa miguu, ziwa kula mistari miwili, mti uliopinda, yote ni jibu kwa yule mtoto. Ukianzia kuzaliwa, jibu linakuja mbele ya swali.

Tunajua kwamba wafadhili, na hata ofisi zetu, wakati mwingine wanahitaji miaka iliyopangwa. Hiyo inaandikwa kwenye karatasi yake peke yake: mstari mmoja kwa kila mwaka, na namba ya kipande pembeni, ili msomaji arudi kwenye maneno yenyewe. Karatasi ile ni ya kutafutia. Haiwezi kukaa fasi ya muhtasari.

Kuachia na kupa

Neno zito kuliko yote liko kipande cha 6. Kwa Kiswahili chetu, «kumwachia mtu kitu» kuna njia mbili. Unaweza kumwachia jirani ufunguo alinde mpaka urudi. Na baba anaweza kuwaachia watoto nyumba, maana yake ni yao kabisa. Neno ni moja, na kinachotofautisha ni maneno yanayolifuata.

Mzee alisema: «Nakuachia ngazi ulinde.» Kufupisha ni kazi ya kukata, na kitu cha kwanza ambacho mkono unataka kukata ni neno la mwisho. Mtu mwenye haraka ataandika: «Alipokimbia alimwachia rafiki yake shamba.» Sentensi ni fupi, ni nzuri, na kila neno lake mzee amelitamka. Lakini «ulinde» limeanguka, na pamoja nalo «nikirudi tutaongea». Tena «ngazi» zimegeuka kuwa «shamba», na hayo ni mambo mawili: mtu anaweza kukabidhiwa miti avune bila kukabidhiwa udongo ilipo. Anayefupisha mara ya pili, kwa mfano kwa ripoti ya Kifaransa, ataenda mbele kidogo na kusema «alimpa». Na hapo chama kitakuwa kimeamua ugomvi wa familia mbili kwa biki tu, bila kikao.

Njia ya kujilinda ni rahisi, ila inataka subira. Ukimaliza muhtasari, pigia mstari kila neno la tendo linalohusu mali, ndoa, kifo na kosa: kupa, kuachia, kuuza, kukopesha, kuoa, kuua, kuchoma, kuiba. Kisha rudi kwenye kaye na utafute kila moja kwa dakika yake. Kama neno lile haliko mdomoni mwa mzungumzaji, toa lako na urudishe lake. Kama liko, soma sentensi nzima aliyoisema na uone kama umeacha mkia. Katika muhtasari wa kurasa mbili maneno ya namna hii hayapiti ishirini au thelathini, kwa hiyo ni kazi ya jioni moja.

Miaka ya mzee na miaka ya kitabu

Katika saa moja na dakika 50, mzee hakutaja mwaka hata mmoja kwa namba. Ana miaka yake: mwaka wa ziwa kupanda, mwaka wa Mulele, mwaka wa kukataza majina. Hii si kasoro. Miaka ya namna hii inaweza kupimwa na kulinganishwa.

Ziwa Tanganyika lilipanda sana baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962, na maji yakafika juu kabisa 1964. Amri ya Mobutu ya kuacha majina ya kikristo ilikuja 1972, kisha nchi kuitwa Zaire mwaka 1971. Kwa hiyo mzee anaposema kwamba ngazi zilipandwa mbele ya ziwa kupanda, na kwamba mistari miwili ilikufa majini, anatupa alama nzuri kuliko namba ambayo angekisia. Sisi tunaweka namba ndani ya mabano, pembeni ya maneno yake. Hatuziingizi ndani ya sentensi yake kana kwamba yeye ndiye alizisema.

Neno Mulele linataka uangalifu zaidi. Kijana aliyesoma anaweza kusema: Pierre Mulele alipigana Kwilu, upande wa magharibi, mbali sana na Fizi, huku kwetu walikuwa Simba, basi turekebishe. Ni kweli kuhusu Kwilu. Lakini pwani yetu wazee wengi wanaita wakati ule wote Mulele, na jina hilo ni lao. Ukiandika Simba ndani ya sauti ya mzee, umemvisha shati ya mtu mwingine.

Na kuna hatari ya pili. Vitabu vingi vinafunga uasi wa mashariki mwaka 1965, wakati jeshi la serikali pamoja na mamluki wa kizungu lilipochukua tena Baraka na Fizi. Mzee anasema alishuka mwaka wa kukataza majina, na «Mulele ilikuwa ingali kule juu». Mwenye kitabu mkononi ataona mzee amechanganya miaka saba. Hakuchanganya. Laurent-Désiré Kabila aliunda chama chake, PRP, mwaka 1967, na watu wake walishika milima ya Fizi mpaka miaka ya 1980. Kwa mtu aliyeishi pale, vita ilikuwa ile ile moja. Kanuni yetu ni hii: usemi wa mzee ukigongana na kitabu, usemi unabaki kama ulivyo, na maelezo yanawekwa pembeni. Mara nyingi kugongana kule kunaonyesha kitu ambacho kitabu hakikukiona.

Dakika tano za Lugufu

Wafadhili wetu wengi walitujua tukiwa kambini, Nyarugusu au Lugufu. Ni haki yao kutaka kusoma habari za kule. Mzee aliishi Lugufu karibu miaka tisa, na aliipa dakika tano, tena baada ya kuulizwa. Katika dakika zile tano, sentensi zake ni tatu. Zilizobaki ni kimya.

Tungeweza kujaza kipande cha 7. Kila mmoja wetu anajua posho ilikuwa nini, foleni, kuni, ruhusa za kutoka. Lakini hayo yangekuwa maneno yetu yaliyotiwa mdomoni mwake. Vilevile hatukutaka kuunganisha maziko ya mtoto na sababu, ugonjwa gani, mwaka gani. Alisema «tuendelee», na kijana aliyekuwa anauliza akaendelea. Muhtasari unaoweka kipimo cha mzungumzaji unaonyesha pia mahali ambapo hataki kupita. Ukirefusha kipande kifupi kwa sababu msomaji anakipenda, unaharibu kipimo chote, na msomaji hataona tena kwamba kwa mzee huyu maisha yake yako kati ya ngazi na mlima, siyo kambini.

Kurudia ni jambo jingine la kuangalia. Mti uliopinda ulitajwa mara nne katika mazungumzo. Katika muhtasari umebaki mara moja, pale ulipotajwa kwanza. Kwenye kaye tumeandika pembeni dakika za mara nyingine tatu, ili asiyetuamini akasikilize.

Kumsomea mwenyewe

Muhtasari ulisomwa mbele ya mzee, kwa sauti, polepole, mke wake akiwapo. Tunasoma kwa sauti hata kwa anayejua kusoma, sababu aliyesema kwa mdomo anatambua maneno yake kwa sikio. Alirekebisha mambo mawili. Tulikuwa na jina la mtu anayedaiwa kuchoma nyumba mwaka 1996. Mtu huyo yuko hai. Mzee akasema: «Mutoe. Mimi nilimutaja kwenu, si kwa dunia.» Tukatoa sentensi nzima, siyo jina tu, kwa sababu kijijini mtu anatambulika kwa habari yake hata bila jina. Pili, hatua za baba kati ya mti na mti tulikuwa tumesikia saba, ni tisa.

Kwa ruhusa yake tulimsomea pia mtoto wa rafiki yake vipande vya 6, 8 na 9. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema baba yake hakumwambia kamwe neno «ulinde», na kwamba habari ya bibi kubebwa mgongoni aliisikia siku hiyo mara ya kwanza. Maneno haya hatukuyaingiza ndani ya muhtasari wa mzee ili kuusawazisha. Muhtasari wa mtu mmoja una sauti moja. Tumemwomba naye azungumze, kwa saa zake, kwa mpango wake, na amekubali. Historia yake itachapwa peke yake, kwa kanuni hizi hizi.

Kwa hiyo muhtasari huu usichukuliwe kama hati ya shamba. Hausemi shamba ni la nani. Unasema mzee mmoja anakumbuka nini, kwa maneno gani, na kwa mfuatano gani. Kikao cha familia mbili, siku kitakapokaa, kitakuwa na maneno yake kamili mbele yake, pamoja na lile neno moja dogo la mwisho wa sentensi.

Sauti na kaye zimewekwa kwenye sanduku la chama, kwa sekretere. Mwanamemba anaweza kuomba kusikiliza, isipokuwa zile dakika ambazo mzee alisema zifungwe. Wazee na wamama wengine wanaotaka kuzungumza wamwambie sekretere. Tutakuja wawili, na tutaanza na neno lile lile: tuelezee maisha yako. Mahali pa kuanzia mtachagua wenyewe.